Miaka 25 iliyogeuka mitano: hesabu ya chanjo ya HPV Mombasa

Karatasi iliyotuingiza taabani ilikuwa na ukurasa mmoja tu. Juu kulikuwa na gharama za kuwachanja wasichana 10,000 wa miaka 10 katika Kaunti ya Mombasa dhidi ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, chini kulikuwa na miaka ya maisha ambayo chanjo ingeokoa, na mwisho kabisa, kwa wino mzito, jibu: shilingi 4,400 kwa kila mwaka mmoja wa maisha. Kikosi chetu kiliifurahia. Tuliipeleka mkutanoni tukiwa na hakika kwamba hakuna mradi mwingine mezani ungeweza kuikaribia.

Aliyetusimamisha ni afisa wa bajeti, mama mtu mzima aliyefanya kazi ya uhasibu miaka mingi. Hakuuliza juu ya saratani wala juu ya chanjo. Aliweka kidole kwenye mstari wa gharama, akakipeleka kwenye mstari wa miaka, kisha akasema: "Wanangu, pesa hizi mmezipunguza kwa sababu zitapatikana baada ya miaka 38. Na hii miaka ya uhai itakayokuja baada ya miaka 40, mbona ipo kamili?"

Tulikuwa watatu upande wetu wa meza, na kwa muda hakuna aliyemjibu. Alikuwa amegusa penyewe.

Nitakieleza kisa chote pamoja na hesabu zake, kwa sababu kosa lile nimelikuta tena mara kadhaa tangu siku hiyo. Tarakimu za mfano nimezifanya duara ili zifuatike kwa kalamu na karatasi. Ni makadirio ya kufanyia hesabu, msizichukue kama takwimu za kaunti.

Kwanza chanjo yenyewe. Kenya ilizindua chanjo ya HPV kitaifa Oktoba 2019, na uzinduzi ulifanyika hapa hapa Mombasa. Walengwa walikuwa wasichana wa miaka 10, dozi mbili zilizoachana miezi sita. Aina mbili za kirusi hicho, namba 16 na 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi. Kwa Kenya, makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwa mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya 5,236 na vifo 3,211. Kwa hiyo hakuna aliyebishana kama chanjo inafaa. Hoja ilikuwa moja: kaunti ina shilingi milioni 15 za nyongeza. Ziende kwenye kuwafikia wasichana waliokosa chanjo, au ziende kwenye oksijeni na vipimo vya oksijeni mwilini kwa watoto wenye nimonia katika zahanati na vituo vya afya?

Miradi hii miwili inafanana kwa bei na inatofautiana kwa wakati. Mtoto mwenye nimonia akipata oksijeni, anaokoka wiki ile ile. Msichana wa Jomvu akichanjwa leo, saratani anayoepushwa ingempata akiwa mwanamke wa makamo, pengine mwenye wajukuu. Katikati pana miaka 40 hivi ambayo pesa imeshatumika na faida bado haijaonekana kwa macho.

Hapo ndipo swali la punguzo la thamani linapoingia. Shilingi ya leo na shilingi ya mwaka 40 ujao hazilingani, hata tukiuondoa mfumuko wa bei kabisa. Ya leo unaweza kuifanyia kazi ikazaa: ukajenga, ukanunua mashine, ukamtibu mtu. Kwa hiyo wachumi huirudisha kila shilingi ya baadaye kwenye thamani ya leo kwa kuigawa kwa kiwango fulani kila mwaka. Katika tathmini za afya kiwango kilichozoeleka ni asilimia 3: jopo la wataalamu la Marekani lililotoa mwongozo wake mwaka 1996 lilikipendekeza, Shirika la Afya Duniani limekitumia, na tathmini nyingi za nchi zetu zinakifuata. Maana yake unagawa kwa 1.03 kwa kila mwaka wa kusubiri. Miaka 10 ni kugawa mara kumi, miaka 40 mara arobaini. Shilingi 100 za miaka 40 ijayo, ukizirudisha leo hivyo, ni kama shilingi 31.

Sasa tuiingize chanjo. Tulikadiria kuwa kumfikia msichana mmoja kwa dozi zote mbili kunagharimu shilingi 1,500: chanjo yenyewe, jokofu, usafiri, posho ya wauguzi, na kazi ya kurudi shuleni mara ya pili. Hapa kuna neno la kusema juu ya wafadhili. Hata pale sehemu ya bei ya chanjo inapolipwa na mfadhili, sisi tuliihesabu yote, kwa kuwa rasilimali imetumika hata kama haikutoka mfuko wa kaunti. Wasichana 10,000 wanafanya milioni 15, zote zinatumika mwaka huu, kwa hiyo hazipunguzwi.

Upande wa pili tulichukulia kwamba chanjo itazuia vifo 100 katika kundi hilo maisha yao yote, kila kifo kingetokea miaka 40 kutoka leo, mwanamke akiwa na miaka 50, na kila mmoja angeishi miaka 25 zaidi. Vilevile, wanawake 80 ambao wangefika hospitali na kutibiwa hawatahitaji matibabu hayo, shilingi 150,000 kila mmoja, miaka 38 kutoka sasa. Hiyo ni akiba ya milioni 12.

Bila kupunguza chochote, hesabu ni nyepesi. Milioni 15 toa milioni 12 inabaki milioni 3. Vifo 100 mara miaka 25 ni miaka 2,500. Kila mwaka wa maisha unatugharimu shilingi 1,200. Bei ya kuku mmoja na kidogo.

Kikosi chetu hakikuishia hapo, kwa sababu kila aliyesoma somo hili anajua kwamba akiba ya miaka 38 ijayo haiwezi kuhesabiwa kama pesa taslimu. Tukairudisha leo kwa asilimia 3: milioni 12 zikawa milioni 3.9. Gharama halisi ikapanda kutoka milioni 3 hadi milioni 11.1. Tukaigawa kwa miaka 2,500 na kupata ile 4,400 tuliyoipeleka mkutanoni kwa furaha.

Yule mama aliona kilichobaki. Kila shilingi ilikuwa imesafirishwa hadi leo, na miaka ya uhai tumeiacha huko huko mbele ilikokuwa.

Kwa nini tuliiacha? Nataka kueleza chanzo, kwa kuwa si uzembe wa kawaida. Miaka ile hatukuikokotoa wenyewe. Mwenzetu aliichukua kutoka kwenye jedwali la mzigo wa magonjwa duniani, na majedwali hayo yana historia. Miaka ya 1990 yalikuwa yakipunguza kila mwaka wa baadaye kwa asilimia 3, na juu ya hapo yakiupa umri wa ujana uzito mkubwa kuliko utoto na uzee. Kuanzia toleo la 2010 vyote viwili viliondolewa. Waandaaji walitaka kupima ukubwa wa tatizo tu, na kwa kazi hiyo walikuwa na sababu nzuri: kifo ni kifo. Lakini anayelinganisha miradi ana swali jingine. Ukichukua miaka isiyopunguzwa kutoka huko na kuiweka chini ya gharama zilizopunguzwa, umechanganya vipimo viwili bila kujua, na jina la safu ni lile lile. Hakuna kinachokuonya.

Turekebishe basi. Mwanamke mmoja anapata miaka 25, kuanzia miaka 40 ijayo. Hapa ndipo wengi wanapoteleza mara ya pili, na mwenzetu mmoja aliteleza pale pale mkutanoni akiwa na kikokotoo cha simu. Alichukua 25, akaigawa kwa 1.03 mara arobaini, akapata 7.7. Kosa liko wapi? Ni kwamba miaka hiyo 25 haiji yote kwa mpigo siku ya kutimiza miaka 50. Wa kwanza unakuja baada ya miaka 41, wa pili 42, na wa mwisho 65. Kila mmoja una safari yake, na wa mwisho una safari ndefu zaidi ya wa kwanza. Kwanza unaikusanya miaka 25 hadi mahali inapoanzia, ambako inakuwa 17.4, kisha unaileta yote leo kwa miaka 40. Jibu ni 5.3. Kwenye Eksel ni mstari mmoja:

```
=PV(3%,25,-1)/1.03^40
```

Miaka 25 ya kila mwanamke imekuwa mitano na kidogo. Vifo 100 vinatoa miaka 534 badala ya 2,500. Milioni 11.1 gawa kwa 534, unapata takriban shilingi 20,800 kwa mwaka mmoja wa maisha.

Tulikuwa tumesema 4,400.

Muuguzi aliyekuja kutoka kituo kimoja cha Likoni, ambaye hadi hapo alikuwa kimya, alichukizwa, na sikumlaumu. Alikuwa na kawaida ya kuzungumza huku mikono yake ikifanya kile anachokisema, na aliponyanyua mkono ilikuwa kana kwamba ameshika kile kisanduku cha bluu cha kubebea chanjo ambacho huvuka nacho kivuko asubuhi, barafu ikiwa imefungwa pembeni na vichupa katikati. "Kaka," aliniambia, "mimi namdunga mtoto wa watu sindano leo. Wewe unaniambia akifika umri wangu, uhai wake ni moja kwa tano ya uhai wa mtu wa leo?"

Swali hilo linastahili jibu la kweli, kwa sababu ndilo linalowafanya watu wema waache miaka bila kuipunguza. Hakuna anayesema mwanamke wa mwaka 2065 ni pungufu ya mtu. Kinachopimwa ni uamuzi wa leo juu ya pesa ya leo. Ile milioni 15 ikikaa ikizaa asilimia 3 kila mwaka, baada ya miaka 40 itakuwa karibu milioni 49, na milioni 49 zitaokoa watu wengi zaidi wakati huo kuliko milioni 15. Kwa hiyo pesa inayotumika leo kwa ajili ya faida ya mbali inapaswa kujipima na kile ambacho ingeweza kufanya ikisubiri. Ukiipunguzia pesa na ukakataa kuipunguzia miaka, unadhani unamheshimu yule mwanamke, kumbe hesabu inamgeukia.

Nilimwonyesha palepale. Tuseme tunapunguza gharama peke yake, kama tulivyofanya. Mradi ukianza leo, kila mwaka wa maisha ni shilingi 4,400. Tuuahirishe mwaka mmoja. Gharama zote zinasogea mwaka mmoja mbele, kwa hiyo thamani yake ya leo inashuka kutoka milioni 11.1 hadi 10.8. Miaka iliyookolewa bado ni 2,500, kwa sababu tumekataa kuigusa. Bei inashuka hadi 4,300. Tuuahirishe miaka kumi: 3,300. Kila ukingoja, mradi unaonekana bora zaidi, na hakuna mwaka ambao hesabu itakuambia "sasa anza". Ukiifuata kwa uaminifu hutamchanja mtoto yeyote milele. Watafiti wawili, Keeler na Cretin, waliuandika mtego huu mwaka 1983, na hadi leo ndio sababu kubwa ya kutumia kiwango kimoja kwa pande zote mbili.

Ukipunguza pande zote mbili kwa kiwango kimoja, kuahirisha hakubadilishi uwiano hata kidogo: juu unagawa kwa 1.03, chini unagawa kwa 1.03. Na hapo tunapata kipimo kizuri cha kukagua kazi ya mtu yeyote. Sukuma mradi mzima mwaka mmoja mbele. Bei kwa mwaka wa maisha ikibadilika, kuna upande ambao haujapunguzwa sawasawa. Kipimo cha pili ni chepesi zaidi: nenda kwenye seli yenye 3%, andika 0, kisha andika 5, huku jicho lako likiwa kwenye jumla ya miaka. Kama jumla haitikisiki, imebandikwa kutoka mahali pengine. Yetu haikutikisika.

Muuguzi alitazama skrini kwa muda. "Basi hiyo ya kwanza ilikuwa inatuambia tusubiri," alisema. Ndivyo.

Lazima niwe mkweli hapa kwamba si kila nchi inatumia kiwango kimoja. Uholanzi kwa miaka mingi ilipunguza gharama kwa asilimia 4 na afya kwa 1.5, na Ubelgiji hupunguza kwa 3 na 1.5. Uingereza ilikuwa na 6 kwa gharama na 1.5 kwa afya hadi mwaka 2004, ilipohamia 3.5 kwa vyote. Hoja ya wanaotofautisha ni kwamba jamii ikitajirika, iko tayari kulipa zaidi kwa mwaka mmoja wa afya, kwa hiyo thamani ya afya yenyewe inapanda na wakati na kufidia sehemu ya punguzo. Hoja hiyo ina mantiki, na pale thamani inapopanda kweli, ule mtego wa kuahirisha unalegea. Lakini ni lazima mtu aisimamie waziwazi, aseme thamani inapanda kwa kiasi gani na kwa nini, na aitumie kwa miradi yote mezani. Sisi hatukuwa na hoja yoyote. Tulikuwa na jedwali lililobandikwa.

Sasa turudi kwa mshindani, yaani oksijeni. Milioni 15 zile zile, zote mwaka huu, na tulikadiria vifo 30 vya watoto vitazuiwa, kila mtoto akiishi miaka 60 zaidi. Bila kupunguza, hiyo ni miaka 1,800, shilingi 8,300 kwa mwaka. Kwa kupunguza asilimia 3, miaka 60 ya mtoto inakuwa 27.7, watoto 30 wanatoa 830, na bei ni kama shilingi 18,100.

Wekeni macho hapo. Bila punguzo, chanjo ni 1,200 na oksijeni 8,300: chanjo inashinda kwa mbali. Kwa karatasi yetu yenye kosa, chanjo ingewekwa kwenye 4,400 na bado ingeshinda. Kwa hesabu sahihi, chanjo ni 20,800 na oksijeni 18,100, na oksijeni iko mbele. Kosa letu lilikuwa limegeuza mshindi, na watoto ambao wangekosa oksijeni wasingejua kamwe kwamba waliikosa kwa sababu ya seli isiyotikisika.

Yule mama wa bajeti hakuridhika bado. Aliuliza mbona asilimia 3, wakati serikali inapokopa kwa hati fungani inalipa zaidi ya asilimia 10. Ni swali la mhasibu hodari, na jibu lake liko kwenye mfumuko wa bei. Riba ya hati fungani ina mfumuko ndani yake: sehemu yake inamfidia mkopeshaji kwa shilingi inayopoteza nguvu. Gharama zetu zote tuliziandika kwa bei za mwaka huu, hata zile za miaka 38 ijayo, kwa hiyo mfumuko tulishautoa. Ukichukua riba yenye mfumuko na kuitumia kwenye bei zisizo na mfumuko, umepunguza mara mbili. Na madhara yake si madogo. Kwa asilimia 12, miaka 25 ya yule mwanamke, ukiileta leo, inakuwa siku 31. Mwezi mmoja. Nilipoandika tarakimu hiyo ubaoni chumba kizima kilinyamaza, na mama mwenyewe ndiye aliyesema, "La, hiyo haiwezi kuwa."

Lakini swali lake lilitusaidia, maana lilitulazimisha kujaribu viwango vingine vinavyoeleweka. Kwa asilimia 1.5, chanjo ni 7,200 na oksijeni 12,700: chanjo mbele. Kwa 2.5, ni 15,000 kwa 16,200: chanjo mbele kwa upana wa unywele. Kwa 3, oksijeni imeshapita. Kwa 5, chanjo ni 65,500 na oksijeni 26,400, na hakuna tena ushindani. Kumbe mpaka unakaa kati ya 2.5 na 3. Angalia pia namna oksijeni ilivyopanda polepole wakati chanjo imeruka. Faida ikiwa mbali, kila nusu asilimia inauma, kwa sababu inarudiwa mara arobaini kabla hata mwaka wa kwanza wa uhai haujahesabiwa.

Katika hali kama hiyo, kusema "oksijeni imeshinda" kwa kuwa mwongozo unasema 3 ni kujificha nyuma ya mwongozo. Tofauti ya 20,800 na 18,100 ni ndogo kuliko mashaka tuliyonayo juu ya idadi ya vifo vitakavyozuiwa. Tulichoandika kwenye ripoti mpya ni kwamba miradi hii miwili inakaribiana, na kwamba chaguo linategemea kiwango, na tukaweka bei zote kwa 0, 1.5, 3 na 5 kwenye safu moja ili msomaji aone mpaka uko wapi. Miaka isiyopunguzwa tuliionyesha pia, ikiwa na jina lake kamili, ili isichanganywe tena.

Kuna jambo moja ambalo pia tulilirekebisha kimyakimya, nalo ni kipimo cha "ghali" na "rahisi". Rasimu ya kwanza ilikuwa imelinganisha bei yetu na pato la taifa kwa kila mtu, kipimo cha zamani ambacho wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wenyewe wamekwisha kuonya kwamba kisitumike peke yake kuamua. Kwa kaunti yenye milioni 15 kipimo cha kweli ni kile ambacho milioni hizo zingefanya kwingine. Oksijeni ndiyo iliyokuwa kipimo chetu, na kipimo chochote kingine utakachotumia, hakikisha kilikokotolewa kwa punguzo lile lile unalotumia wewe.

Lililobadilisha uamuzi hatimaye halikutoka kwetu. Muuguzi wa Likoni ndiye aliyeuliza: "Na tukienda shuleni mara moja tu?" Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali kuwa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 dozi moja inaweza kutumika badala ya mbili, na mojawapo ya majaribio yaliyoonyesha kinga kubwa ya dozi moja lilifanyika hapa Kenya. Yeye alikuwa akifikiria safari ya pili: walimu kutafutwa upya, watoto waliohama, wengine walioacha shule, fomu za wazazi zilizopotea, siku nzima ya kazi kwa ajili ya wasichana kumi na wawili waliobaki. Tukakadiria kuwa dozi moja ingegharimu shilingi 900 kwa msichana badala ya 1,500, tukichukulia kinga ni ile ile na inadumu.

Milioni 15 zikawa milioni 9. Ukitoa akiba ya milioni 3.9, inabaki 5.1. Gawa kwa miaka 534: takriban shilingi 9,500 kwa mwaka wa maisha, dhidi ya 18,100 za oksijeni, pande zote zikiwa zimepunguzwa kwa asilimia 3. Kwa asilimia 4 chanjo bado iko mbele, 19,400 kwa 22,100. Kwa 5 inaachwa, 35,600 kwa 26,400. Mpaka ulikuwa umehama kutoka kati ya 2.5 na 3 hadi kati ya 4 na 5, na hapo watu waliweza kuamua bila kugombana juu ya nusu asilimia.

Na milioni 6 zilizobaki zikawa na mahali pa kwenda. Yule mama alizunguka neno "oksijeni" kwa kalamu yake, akaandika 6 pembeni, akatusukumia karatasi. "Ya chanjo nimeielewa," alisema. "Sasa nileteeni hii ya watoto, na miaka yake muipunguze tangu nyumbani."

Tuliipeleka wiki iliyofuata. Kabla ya kuituma nilifungua faili, nikabadilisha 3% kuwa 0, na nikaitazama jumla ya miaka ikisogea.